Akishalala baada ya sindano, msimwache

Wenzangu wa kasualti hapa Mombasa, mgonjwa aliyekuwa akirusha mateke akinyamaza, hapo ndipo pa kumkazia macho. Chukueni kijana aliyeletwa usiku na kaka zake, ananuka pombe. Sukari imepimwa, iko sawa (ikishuka, nayo huleta fujo hiyo hiyo). Amedungwa haloperidoli miligramu 5 na promethazini miligramu 25 msulini, na sasa anakoroma.

Kwa kuwa amelala na amekunywa, kila dakika 15 mpimeni pumzi, mapigo, presha, joto, oksijeni, na muone kama anaitika akiitwa. Pumzi zihesabuni dakika nzima mkitazama kifua. Kile kipimo cha kidoleni huchelewa kuonyesha hatari, hasa akiwa amewekewa oksijeni. Mlazeni ubavu, kamwe si kifudifudi. Kukoroma huko huenda ni ulimi unaoziba njia ya hewa, basi inueni taya. Pumzi zikishuka chini ya 10 kwa dakika, mwiteni daktari papo hapo, na mfuko wa kupumulishia uwe mkononi.

Shingo ikipinda na macho yakigeuka juu, shukuni haloperidoli kabla ya kusema kifafa au pepo. Hali hiyo ina dawa yake.