Kijiti kwenye mfongo: pembe ya koni bila ndege

Wanaosoma mawimbi ya mshtuko huku Moshi, nendeni kwenye mfongo uliosakafiwa, pale maji yanaposhuka kwa kasi. Simamisheni kipande cha ubao ndani ya maji. Nyuma yake itatokea V. Maji yanakimbia na ubao umesimama, lakini hesabu ni ileile ya ndege kupita hewani kwa kasi kuliko sauti. Ndege huacha koni, mfongo huacha V.

Juzi nilipima hivi. Kina sentimita 5, kwa hiyo kasi ya wimbi ni √(9.8 × 0.05), yaani 0.7 m/s. Jani la mgomba lilienda mita 2.8 kwa sekunde 2: 1.4 m/s. Uwiano ni 0.5, na sin θ = 0.5 inatoa nyuzi 30. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: hiyo ni nusu ya V, kuanzia mstari wa katikati hadi mkono mmoja. V nzima ni 60. Na ni sin, si tan, kwa sababu wimbi husafiri kwa pembe mraba na mkono wa V, na njia ya chombo ndiyo upande mrefu wa pembetatu.

Viwimbi vyembamba mbele ya ubao vipuuzeni, ni vya mvutano wa uso wa maji. Na msipeleke kanuni hii kwenye boti la Ziwa Duluti: kwenye maji ya kina, mawimbi marefu hukimbia kuliko mafupi, na nusu ya V hubaki karibu nyuzi 19.5 hata boti likiongeza mwendo.