Kwenye Mac, ongeza Control ili skrinishoti isihifadhiwe kama faili

Wengi wetu tunapiga skrinishoti kwenye Mac kwa Command + Shift + 4, kisha Desktop inajaa mafaili ambayo hatutayafungua tena. Kama picha unaihitaji mara moja tu, ongeza kitufe cha Control:

```
Control + Command + Shift + 4
```

Tuseme unataka kumtumia mhasibu jumla iliyo chini ya ankara, si ukurasa mzima. Bonyeza vitufe hivyo vinne, buruta alama ya msalaba kuzunguka ile jumla, kisha achia. Utasikia mlio wa kamera, lakini ile picha ndogo ya pembeni chini haitatokea. Usidhani imeshindikana: picha imeshanakiliwa. Nenda kwenye WhatsApp au barua pepe, bonyeza Command + V, nayo inatua hapo hapo. Ukitaka dirisha zima, gusa Space kabla ya kuburuta, kisha bofya dirisha lenyewe. Kwa skrini nzima, weka 3 badala ya 4.

La kuangalia ni hili: kwa kawaida Mac hushika kitu kimoja tu kilichonakiliwa. Ukinakili hata neno moja kabla ya kubandika, picha inaweza kupotea, na hakuna faili la kurudia. Kwa hiyo bandika kwanza. Ukiona baadaye kwamba unaihitaji kama faili, na bado hujanakili kingine, fungua Preview, ingia File, chagua New from Clipboard, kisha uihifadhi.