Mawakala wa mashine za kupulizia mikorosho: jinsi ya kuuza nao bila kuwanyang'anya wateja

Haya nayaandika baada ya kukaa na mfanyabiashara mmoja wa Mtwara mjini ambaye mawakala wake wa Newala na Tandahimba walikuwa wameacha kuagiza mashine.

1. Chagua wakala. Mtafute mwenye duka la pembejeo na fundi wa kudumu. Asiye na fundi mwache, hata kama ana mtaji mkubwa.

2. Mfunze yeye na fundi wake, kabla ya msimu wa salfa. Mambo mawili yanatosha. Kwanza, kuchanganya mafuta: kitabu cha mashine kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, maana petroli tupu inakwamisha pistoni. Pili, kusafisha chujio la hewa, kwa sababu vumbi la salfa likiliziba mashine hukosa nguvu na mkulima hudhani ameuziwa mbovu. Kila mmoja aifungue na kuiwasha mwenyewe mbele yako.

3. Panga bei ya ghala lako mwenyewe. Hapa ndipo mambo huharibika. Tuchukulie wakala unampa kwa 400,000 naye anauza 480,000. Anamwonyesha mkulima wa Newala mashine, anaiwasha, anajibu maswali yote. Kesho yake mkulima anapanda basi hadi Mtwara, na wewe unamuuzia kwa 420,000. Wakala amefanya kazi yote, faida hana, na plagi ikifa mkulima atarudi kwake.

Dalili utaiona kwenye oda: wakala anaagiza vipuri tu, mashine haagizi. Au analeta kwa matengenezo mashine zenye namba ambazo hazimo kwenye daftari lake.

Dawa yake ni kwamba mnunuzi wa moja moja ghalani alipe 480,000 ileile. Muulize anatoka kijiji gani, andika na namba ya mashine. Kama ni eneo la wakala, katika ile 80,000 mtumie wakala 50,000 siku hiyohiyo kwa simu, naye abebe matengenezo ya kwanza ya mashine hiyo. Usimwahidi kumkatia kwenye mzigo ujao. Ahadi hiyo huzaa ugomvi wa mahesabu.

Oda kubwa ya AMCOS ni jambo jingine. Watataka punguzo na watakuja kwako moja kwa moja. Mpigie wakala kabla hujataja bei, mkubaliane fungu dogo la kuwafundisha wapuliziaji. Na ukiwa na mawakala wawili wilaya moja, wagawie kwa kata. Mpaka wa "huku na kule" hautashika.

4. Mali kauli. Mkulima hupata fedha baada ya minada, kuanzia Oktoba, lakini mashine huuzwa miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo kopesha vipuri, mashine ziwe taslimu. Wakala aliyelipa deni la vipuri kwa wakati mpe mashine moja ya maonyesho msimu unaofuata. Naona inamsukuma kuuza kuliko fulana na kalenda.