SOMO: Kuorodhesha kitabu kilichotumika kwa ISBN, toleo, hali na lugha

Swali ambalo huulizwa tena na tena hapa ni hili: kwa nini mnunuzi amerudisha kitabu ilhali ISBN niliyoandika ni sahihi? Nimelijibu mara nyingi vipande vipande, kwa hiyo leo nalijibu kwa ukamilifu, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Hatua ya 1. Uwe na kitabu chenyewe mkononi. Usiorodheshe kwa kumbukumbu.

Hatua ya 2. Nakili jina la kitabu na la mwandishi kutoka ukurasa wa jina ulio ndani, kwa sababu jalada mara nyingi hufupisha.

Hatua ya 3. ISBN. Itafute kwanza kwenye ukurasa wa hakimiliki, kisha uilinganishe na ile iliyo juu ya msimbopau nyuma ya kitabu. Tangu Januari 1, 2007 namba hii ina tarakimu 13. Vitabu vya kabla ya hapo huwa na tarakimu 10. Ukurasa mmoja ukiwa na namba mbili au tatu, soma maneno yaliyo pembeni mwake, kwani moja huwa ya jalada gumu, nyingine ya jalada laini, na pengine nyingine ni ya seti nzima. Kitabu cha zamani kisicho na namba kiandikie “hakina ISBN”, wala usikiazimie namba ya toleo lililokuja baadaye.

Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Chukua 0-306-40615-2: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 10, ya pili kwa 9, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho kwa 1, kisha ujumlishe. Utapata 132, ambayo inagawanyika kwa 11 bila baki, basi namba imenakiliwa sawasawa. Ukikuta herufi X mwishoni, si kosa la uchapaji. Inasimama badala ya 10.

Hatua ya 4. Toleo na chapa. Hapa ndipo vitabu vingi hurudishwa, hivyo naomba usome polepole. Toleo jipya ni pale maandishi yenyewe yaliporekebishwa, yakaongezwa au yakapunguzwa, na kwa utaratibu hupewa ISBN yake. Chapa mpya ni kurudia kuchapa maandishi yaleyale, na ISBN hubaki ileile. Kwa sababu hiyo, ISBN haiwezi kukuambia kama ulichoshika ni chapa ya kwanza au ya sita. Jambo hilo linajulikana kwa kufungua kitabu tu.

Tuseme ukurasa wa hakimiliki unasomeka hivi: “Toleo la kwanza 1998. Toleo la pili 2009. Kimechapishwa tena 2011, 2013.” Muuzaji mwenye haraka huandika “1998”, kwa kuwa ndio mwaka wa kwanza kuuona, au “2013”, kwa kuwa ndio wa mwisho. Yote mawili yanampotosha mnunuzi. Andika: “Toleo la pili, 2009, chapa ya 2013.” Mwanafunzi ambaye kurasa zake zinapaswa kulingana na za wenzake darasani anatazama toleo, ilhali mkusanyaji wa vitabu anatazama chapa, na kila mmoja amepata anachokihitaji.

Baadhi ya wachapishaji hawaandiki miaka, bali huweka safu ya tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4 3. Tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa. Hapa ni ya tatu. Safu isipokuwapo na miaka isipotajwa, usikisie. Andika kile tu kilichochapwa.

Onyo kubwa: mifumo mingi ya mauzo, ukiingiza ISBN, hujijazia mwaka, picha ya jalada na idadi ya kurasa kutoka kumbukumbu iliyowekwa na mtu mwingine. Pengine picha ni ya chapa nyingine yenye jalada tofauti, au mwaka ni wa toleo lililopita. Hakiki kila sehemu dhidi ya kitabu ulichoshika, kisha weka picha yako mwenyewe ya jalada na ya ukurasa wa hakimiliki.

Hatua ya 5. Hali. Ngazi zinazotumika sana ni kama kipya, nzuri sana, nzuri, wastani na duni. Katika biashara hii, “nzuri” maana yake ni kitabu kilichotumika kwa kawaida, kimekamilika kurasa zote, lakini uchakavu unaonekana. Pitisha kurasa zote, kisha upange ngazi kwa kufuata kasoro kubwa kuliko zote, si kwa mvuto wa jalada. Baada ya ngazi, taja kasoro na mahali zilipo: mgongo uliokunjamana, muhuri wa maktaba, mistari ya wino sura ya kwanza hadi ya tatu.

Hatua ya 6. Lugha. Andika lugha ya maandishi ya ndani. Kikiwa tafsiri, taja mfasiri na lugha ya asili. Kikiwa cha lugha mbili, taja zote.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenye Duka: Mfumo wangu unajaza kila kitu wenyewe. Kuna haja gani ya kufungua kitabu?

Jibu: Hatua ya 4, aya ya mwisho.

Msomaji wa Usiku: Samahani mwalimu, nina kitabu cha zamani chenye namba ya tarakimu 9 tu. Je, ni bandia?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na nimefurahi umeuliza kabla ya kukiweka kando. Hiyo ni SBN, namba iliyoanza kutumika Uingereza miaka ya 1960 kabla ya ISBN kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1970. Weka 0 mbele yake, nayo inakuwa ISBN ya tarakimu 10. Tarakimu ya ukaguzi haibadiliki, kwa kuwa 0 mara 10 haiongezi chochote kwenye jumla.

Dalali: Mnunuzi analalamikia mistari ya wino kwenye kitabu nilichoandika “nzuri”. Nzuri si nzuri?

Jibu: Uliitaja mistari hiyo? Kama hukuitaja, mrudishie fedha zake.

Binti Hesabu: Nilinakili vibaya namba ya tarakimu 13 na bado mfumo ukaikubali. Tarakimu ya ukaguzi haikupaswa kunizuia?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Katika tarakimu 13 tunazidisha kwa 1 na 3 kwa kupokezana, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Mfano wangu wa juu huwa 978-0-306-40615-7, na jumla yake ni 100. Sasa badilishana 6 na 1 ili isomeke 40165: jumla inashuka hadi 90, ambayo nayo inagawanyika kwa 10, hivyo kosa linapita. Hutokea kila mara tarakimu mbili zilizo jirani zinapotofautiana kwa 5. Kanuni ya tarakimu 10 ingelikamata, maana jumla ingekuwa 127. Kitabu kikiwa na namba zote mbili, kagua ile fupi pia.

Msomaji wa Usiku: Na nikifuta maandishi ya penseli kabla ya kuuza, bado niyataje?

Jibu: Tumia kifutio laini, ukifuta kutoka upande wa mgongo kuelekea ukingo ili karatasi isikunjike. Kisha inamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona michirizi iliyobonyea, itaje. Usipoiona, huna cha kutaja.