Kuomba kubadilishiwa muda wa usaili unapogongana na mtihani

Ninapanga ratiba za usaili wa mafunzo kwa vitendo katika ofisi moja ya Posta, Dar es Salaam. Nitatumia mfano mmoja: mwanafunzi wa Mlimani anapokea mwaliko Ijumaa, tarehe 3 Julai 2026, wa usaili wa Jumatano tarehe 8 saa 5:00 asubuhi, ilhali ana mtihani siku hiyo kuanzia saa 3:00 hadi saa 6:00 mchana.

Kwanza, fungua ratiba ya mwisho ya mitihani, si ile ya awali, kwa sababu ya awali ikibadilika utalazimika kuomba mara ya pili, na ombi la pili ni gumu kulikubali.

Pili, chagua nafasi utakazopendekeza, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Jopo huwa na watu kadhaa, kila mmoja na shughuli zake, hivyo anayeandika "siku yoyote" ananirudishia kazi yote ya kutafuta muda. Jumatatu tarehe 6 ni karibu mno, kwani huenda barua ikasomwa asubuhi hiyohiyo. Jumanne tarehe 7 ni Sabasaba na ofisi zimefungwa. Zinabaki Jumatano jioni, ukiacha muda wa kutosha wa foleni kutoka Mlimani, pamoja na Alhamisi na Ijumaa asubuhi.

Tatu, jibu siku hiyohiyo ndani ya barua pepe ileile ya mwaliko, bila kubadili kichwa chake, na uwajibu wote walionakiliwa. Tumia lugha ya mwaliko. Kwa Kiswahili ningeandika hivi:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Ninashukuru kwa mwaliko wa usaili wa Jumatano, tarehe 8 Julai, saa 5:00 asubuhi. Kwa bahati mbaya, nina mtihani wa chuo siku hiyo, saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, ambao siwezi kuuhamisha, nimeambatisha ratiba.

Naomba radhi kwa usumbufu, na ninaomba kufanyiwa usaili katika mojawapo ya nafasi hizi: Jumatano tarehe 8 saa 10:00 jioni, Alhamisi tarehe 9 kati ya saa 3:00 asubuhi na saa 6:00 mchana, au Ijumaa tarehe 10 kati ya saa 3:00 na saa 5:00 asubuhi. Bado ninaihitaji sana nafasi hii.

Wako mtiifu,
(jina kamili, kozi, namba ya simu)"

Radhi moja inatosha. Ukirudia mara tatu, barua inageuka kuwa ya kujitetea. Neno "asubuhi" au "jioni" lisikosekane, maana wapo wanaosoma 10:00 kwa saa za kimataifa wakaiweka asubuhi.

Usipojibiwa hadi Jumatatu saa 8:00 mchana, piga simu ofisini, kwa kuwa kesho yake ni sikukuu. Ukipewa muda mpya, jibu kwa sentensi moja inayorudia siku, tarehe na saa.