Somo: Kuipata tarehe ya Pasaka kwa kalamu na karatasi

Mwaka 2024 Wakatoliki na Waprotestanti walisherehekea Pasaka 31 Machi, Waorthodoksi 5 Mei. Kanuni yao ni moja: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Wanachotofautiana ni kalenda na jedwali la mwezi. Tuukokotoe mwaka huohuo.

Hatua ya 1. Gawa mwaka kwa 19, chukua baki. Tunatumia 19 kwa sababu baada ya miaka hiyo mwezi hurudia tarehe zilezile, karibu kabisa. 2024 kwa 19 inabaki 10.

Hatua ya 2. Zidisha baki kwa 19, jumlisha 24, gawa kwa 30, chukua baki tena. 190 + 24 = 214, inabaki 4. Angalieni hapa: baki la hatua ya 1 likiwa 5 au 16, jibu la hatua hii hupunguzwa 1. (Hiyo 24 inafaa miaka ya 1900 hadi 2199 tu.)

Hatua ya 3. Hesabu siku hizo kutoka 21 Machi. Tunafika 25 Machi, Jumatatu. Jumapili inayofuata ni 31 Machi.

Kwa Waorthodoksi, hatua ya 2 jumlisha 15, wala usipunguze kitu. 205 kwa 30 inabaki 25, yaani 15 Aprili ya kalenda ya Juliasi. Ongeza 13 upate tarehe yetu: 28 Aprili. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na kanuni inataka Jumapili *inayofuata*, hivyo 5 Mei.

Hizo 13 zimetoka wapi? Mwaka wa Juliasi umezidi mwaka wa jua kwa dakika kama 11, na dakika hizo zimelimbikizana karne kwa karne. Papa Gregori XIII alifuta siku 10 mwaka 1582 na kurekebisha jedwali la mwezi. Waorthodoksi walibaki na kalenda na jedwali la kale, na tofauti ya siku 10 imekua hadi 13, ndiyo maana 21 Machi yao huangukia 3 Aprili yetu. Mwezi mpevu wa Machi 2024 uliwapita kabla ya siku hiyo, wakangoja wa Aprili.

Maswali

*Mbona 2025 tulisali pamoja?*
Mwezi mpevu wa Magharibi ulikuwa 13 Aprili, Jumapili, ukasukuma Pasaka hadi tarehe 20. Wa Mashariki ulikuwa Alhamisi 17, nao ukaishia 20.

*Machi 2019 niliuona mwezi mpevu tarehe 21, lakini Pasaka ikawa 21 Aprili. Walikosea?*
Hapana. Kanisa hufuata jedwali, si mwezi wa angani. Baki la 2019 ni 5: 95 + 24 = 119, inabaki 29, punguza 1, ni 28. Hiyo ni 18 Aprili, Alhamisi.

*Je, Waorthodoksi wote hufuata Juliasi?*
Karibu wote, kwa Pasaka. Kanisa la Kiorthodoksi la Finland husherehekea pamoja na Magharibi.