Firefox inafungua, Chrome inagoma: anza na VPN

Mama mmoja anayeuza vitenge hapa Busia aliniletea laptopu yake akiwa amenunua bando mara mbili siku hiyohiyo. "Mwanangu, Chrome imekataa kabisa, Firefox inafungua. Data yangu inaenda wapi?"

Data ilikuwepo. Kivinjari kimoja kikifungua kurasa kwenye mashine ileile, laini ni nzima. Acha ruta, acha bando.

1. Soma kosa. Ukurasa wa Chrome ulikuwa umeandika:

```
ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED
```

Yaani Chrome imeambiwa ipitie proksi, kompyuta ya katikati, na proksi hiyo haiitikii. Tangu Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, watu wengi wamezoea VPN za bure, na nyingine ni viendelezi, vile vijiprogramu vinavyopachikwa ndani ya kivinjari. Kiendelezi hugeuza njia ya kivinjari chake peke yake. Seva yake ikifa, Chrome inakwama na Firefox inaendelea kupita.

2. Bonyeza Ctrl+Shift+N. Dirisha hili la siri huzima viendelezi, isipokuwa vile ulivyoviruhusu mwenyewe. Kwa mama huyu kurasa zilifunguka papo hapo. Hata zisipofunguka, usiviondolee lawama viendelezi bado: fungua Chrome kama mgeni, kwa kubofya picha ya wasifu juu kulia na kuchagua Guest. Huko hakuna kiendelezi chako hata kimoja.

3. Mtafute mhusika. Rudi kwenye dirisha lako la kawaida, na pale juu kwenye upau wa anwani andika:

```
chrome://extensions
```

Zima vyote, jaribu ukurasa, kisha washa kimoja baada ya kingine. Nilipowasha cha tatu, chenye picha ya ngao, kosa likarudi. Mama akacheka: "Hicho kijana wangu aliniwekea mwaka jana!"

4. Ukizima vyote na bado inagoma, lakini kwa mgeni inafungua, basi wasifu wako, yaani mipangilio na data zako ndani ya Chrome, ndio mbovu. Tengeneza mwingine. Ule wa zamani usiufute haraka, maana nywila zilizohifadhiwa humo bila kusawazishwa na akaunti zitaondoka nao.

5. Kwa mgeni pia ikigoma, nenda kwenye Settings ya Windows, Network & Internet, kisha Proxy, uzime "Use a proxy server". Chrome hufuata mpangilio huo. Firefox inaweza kuukwepa ikiwa kwenye Network Settings zake imewekwa "No proxy", ndiyo maana inapita peke yake. Swichi hiyo ikijiwasha tena baadaye, kuna programu inayoiwasha, pitisha antivirusi. (Kompyuta ya ofisi usiiguse kabla ya kumuuliza fundi wao, huenda proksi iliwekwa makusudi.)

Mama hakutaka kuikosa Facebook, wateja wake wako huko. Nikamtengenezea wasifu wa pili, nikaweka humo VPN nyingine, na ule wa kwanza nikauacha bila kiendelezi chochote.